Lenga 60, 70 au 80? Ulinganisho kwa anayejiandaa na mtihani wa Kijerumani wa B1

Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi kutoka Kakamega, alikuja na karatasi ya majibu yake ya mazoezi ya kusikiliza. Alikuwa amepata maswali 18 kati ya 30, na hiyo 18 alikuwa ameizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, 18 si ndiyo alama 60? Na 60 si ndiyo pasi? Basi wiki hii najisajili."

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Kwenye mtihani wa Goethe-Zertifikat B1 kuna moduli nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moduli ina alama 100 na kila moja hupitwa kwa 60. Kusoma na kusikiliza kila moja ina maswali 30, kwa hiyo majibu 18 sahihi ni 60 kamili. Kilichonitia wasiwasi ni kwamba aliichukua 18 ya Jumamosi moja kama kipimo chake cha kudumu, mfano wa urefu wa mtu, kwamba ukipimwa leo na ukipimwa mwezi ujao ni ule ule.

Nimefundisha watu wengi wanaotafuta cheti hiki, hasa tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamiaji wa kikazi mwezi wa Septemba 2024. Wengine wanataka mafunzo ya kazi ya miaka 3 ambayo Wajerumani huyaita Ausbildung, wengine ni wauguzi waliokwisha hitimu na B1 kwao ni ngazi ya kuelekea B2. Wengi huniuliza jinsi ya kufika 60. Swali linalowafaa zaidi ni hili: ukiwa nyumbani unafanya mazoezi, uwe unapata ngapi ndipo uende kulipa ada? Malengo yanayozungumzwa ni matatu, yaani 60, 70 na 80. Nitayaweka pamoja hapa, kisha nieleze kwa nini kwangu jibu la moduli moja si jibu la nyingine.

Kusoma na kusikiliza: hesabu inasema nini

Tuanze na moduli hizi mbili kwa sababu zinahesabika. Chukua mtu ambaye kwa kweli uwezo wake ni maswali 18 kati ya 30. Maana yake si kwamba kila mara atapata 18. Maana yake ni kwamba akifanya mitihani mingi ya aina hiyo, wastani wake utakuwa 18. Leo atapata 20 kwa sababu habari moja ilihusu hospitali na maneno yote anayajua. Kesho atapata 15 kwa sababu habari ilihusu klabu ya kupanda milima, na msemaji anameza maneno.

Ukilichukua kila swali kama bahati inayojitegemea, unaweza kukadiria ni mara ngapi mtu wa wastani fulani atafikisha 18 au zaidi. Nimefanya hesabu hiyo kwa wastani kadhaa:

| Wastani wako wa kweli kati ya 30 | Alama | Nafasi ya kupita moduli moja | Nafasi ya kupita zote mbili siku moja |
|---|---|---|---|
| 18 | 60 | 58 kwa 100 | 33 kwa 100 |
| 20 | 67 | 83 kwa 100 | 69 kwa 100 |
| 21 | 70 | 92 kwa 100 | 84 kwa 100 |
| 23 | 77 | karibu 99 kwa 100 | 97 kwa 100 |
| 24 | 80 | zaidi ya 99 kwa 100 | 99 kwa 100 |

Tazama mstari wa kwanza vizuri, kwa sababu ndiko aliko mwenye lengo la 60. Moduli moja peke yake ni kama kurusha sarafu, labda imeelemea upande wake kidogo. Lakini hakwenda kufanya moduli moja. Kusoma na kusikiliza kwa pamoja, nafasi yake ni mara 1 kati ya 3. Ukiongeza kuandika na kuzungumza, na tukichukua kwamba huko nako yuko ukingoni vile vile, inabaki kama mara 1 kati ya 9. Mtu huyu si mjinga wala mvivu, na kiwango kinachotakiwa anacho. Tatizo ni kwamba anakwenda kukikanyaga kiwango hicho mara nne mfululizo bila pa kuteleza.

Sasa angalia faida inavyopungua unavyopanda. Kutoka wastani wa 18 hadi 21, maswali matatu tu, nafasi yako ya moduli moja inapanda kutoka 58 hadi 92. Kutoka 21 hadi 23 inapanda tena kwa 7 hivi. Kutoka 23 hadi 24 huoni tofauti ya maana. Ndiyo sababu wanafunzi wangu siwaambii walenge 80 kwenye moduli hizi kwa ajili ya kupita tu. Swali la ishirini na nne linadai kazi nyingi, mara nyingi msamiati wa wiki kadhaa, na usalama linaoleta ni kidogo.

Mbona basi nisiseme 21 inatosha? Kwa sababu jedwali hili ni la matumaini kuliko hali halisi, na lina matumaini hayo kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba maswali hayajitegemei. Kwenye sehemu ya tatu ya kusoma unapewa mahitaji ya watu 7 na matangazo 10, na kila mtu umtafutie tangazo linalomfaa. Mmoja kati yao hana tangazo lake. Ukimpa mtu wa kwanza tangazo la mtu wa nne, ukifika kwa wa nne tangazo lake limekwisha chukuliwa, nawe unamlazimishia lingine. Kosa moja limezaa la pili, na mara nyingi la tatu. Kwenye kusikiliza ni hivyo hivyo. Sehemu ya pili ni maelezo ya mtu mmoja, kwa mfano mwongozaji wa watalii, yenye maswali 5. Ukipoteza mwelekeo kwenye swali la pili unabaki ukijiuliza yuko wapi, naye anasonga mbele. Kwa hiyo siku mbaya huwa mbaya kuliko hesabu inavyodhani.

Ya pili ni kwamba siku ya mtihani si siku ya mazoezi. Umeamka saa kumi ili uwahi matatu, umekaa kwenye ukumbi usioujua, na sauti inatoka kwenye spika ukutani badala ya kwenye visikizi ulivyovizoea. Tuseme hayo yote yanakugharimu maswali mawili tu. Mwenye wastani wa 23 anashuka kuwa mtu wa 21, na nafasi yake bado ni 92. Mwenye wastani wa 21 anashuka hadi 19, na nafasi yake inakuwa kama 72. Yule wa 20 anarudi kwenye sarafu.

Kwa sababu hiyo lengo langu kwa kusoma na kusikiliza ni wastani wa 23. Ziada ya maswali matano juu ya pasi inatosha kubeba siku ya kawaida mbaya pamoja na woga wa ukumbini.

Kusikiliza hakulingani na kusoma

Hata hivyo, ningelazimika kuchagua moduli moja ya kuiwekea ziada kubwa zaidi, ningechagua kusikiliza bila kusita. Kwenye kusoma una dakika 65 na karatasi iko mbele yako. Ukikosea mwanzo unaweza kurudi. Ukiwa na dakika kumi zimebaki unaweza kuyapitia upya yale matangazo ukagundua umempa mama mwenye watoto wawili kozi ya wastaafu.

Kusikiliza huchukua kama dakika 40 na hakuna kurudi. Sehemu ya kwanza na ya nne husikika mara mbili, na hizo mbili zina maswali 18. Sehemu ya pili na ya tatu husikika mara moja tu, na zina maswali 12. Hayo 12 ndiyo yanayoyumbisha matokeo. Mtu aliye nyuma kwa nusu sentensi kwenye mazungumzo ya sehemu ya tatu, ambako kuna maswali 7 ya kweli au si kweli, anaanza kukisia. Kukisia kweli au si kweli kuna siku kunakupa 5 kati ya 7, na siku nyingine 2.

Unaweza kujua kama wewe ni wa namna hiyo. Usitazame jumla ya mazoezi yako, tazama sehemu ya pili na ya tatu peke yake kwenye kila zoezi. Zikipanda na kushuka, mara 10 kati ya 12, mara 5, basi jumla yako nzuri ilikuwa ya bahati hata kama ilikuwa 22. Zikikaa kwenye 8 au 9 kila mara, una msingi. Nimeona wanafunzi wakirudia sehemu ya kwanza siku nzima kwa sababu inawapa moyo, na huko hakuna tena cha kuongeza.

Kuandika: hapa ngazi ni pana

Kwenye kuandika, kulenga 60 ni hatari ya namna nyingine. Hakuna maswali 30 ya kuhesabu. Kuna kazi tatu kwa dakika 60: barua pepe kwa rafiki ya maneno kama 80, maoni juu ya mada ya maneno kama 80, na barua pepe fupi ya heshima ya maneno kama 40, kwa mfano ya kumwomba radhi mwalimu wa kozi kwamba hutafika. Mbili za kwanza zina alama 40 kila moja, ya tatu ina 20.

Kila moja ya zile mbili kubwa husahihishwa kwa vigezo vinne: kama umejibu ulichoulizwa, jinsi maandishi yanavyoshikana, msamiati na sarufi. Kila kigezo hupewa herufi kuanzia A hadi E. A ni alama 10, B ni 7.5, C ni 5, D ni 2.5, na E ni sifuri. Hakuna kitu katikati. Hutapewa 6 au 8.

Fanya hesabu ya mtu wa C tupu. Anapata 20 kwenye kila kazi kubwa, jumla 40, na kazi ndogo hata akiipata yote atafikia 60 kwa shida. Mtu huyo kwa kawaida anaanguka. Mtu wa nusu B na nusu C anapata 25 na 25, jumla 50, naye anahitaji 10 kati ya 20 kwenye barua fupi. Anapita, lakini msahihishaji akiona sarufi ya barua moja ni D badala ya C, na msamiati wa maoni ni C badala ya B, alama 5 zimekwenda. Hiyo si dhuluma. Maandishi ya mtu wa ukingoni ndiyo yanayokaa kati ya herufi mbili, na ndiyo ambayo watu wawili wenye nia njema wanaweza kuyapa herufi tofauti.

Sasa mtu wa B tupu. Anapata 30 na 30 kwenye kazi kubwa. Hiyo tayari ni 60 kabla barua fupi haijaguswa. Kwa mtu huyu barua fupi yote ni ziada, na ziada hiyo inaweza kufidia kosa moja kubwa mahali pengine. Ndiyo maana kwenye kuandika silengi alama, nalenga herufi. Namwambia mwanafunzi awe wa B kwenye kila kigezo, na jumla yake itakaa karibu na 75 yenyewe.

Kuna mtego mmoja ambao hakuna ziada inayouokoa kirahisi. Kigezo cha kwanza, kile cha kujibu ulichoulizwa, kikipewa E, kazi yote inakuwa sifuri, hata kama Kijerumani chako ni safi. Niliwahi kusoma zoezi la kijana aliyeulizwa maoni yake kuhusu watoto kutumia simu, yeye akaandika maneno 90 mazuri sana juu ya simu yake mpya na bei yake. Alikuwa amekariri kipande cha simu, akakimwaga. Mtihani ungekuwa wa kweli, angebaki na 60 za kugombania, na kila moja angelazimika kuipata.

Kwa hiyo ziada ya kuandika hujengwa kwa kusoma swali kabla ya kugusa kalamu: vidokezo vitatu vya barua ya rafiki vipigiwe mstari, kila kimoja kipate sentensi mbili. Barua ya heshima iandikwe kwa "Sie" kuanzia salamu hadi mwisho. Hayo hayahitaji kipaji.

Kuzungumza: 70 inatosha

Hapa sitakaa sana, kwa sababu moduli hii ndiyo huyumba kidogo kuliko nyingine kwa mtu aliyejiandaa. Mnaingia wawili, mnapanga jambo pamoja, kila mmoja anatoa maelezo mafupi juu ya mada, kisha mnaulizana maswali. Maelezo yale yana alama 40 kati ya 100, na umbo lake halibadiliki: utangulizi wa mada, uzoefu wako mwenyewe, hali ilivyo nchini kwako, faida na hasara pamoja na maoni yako, kisha hitimisho na shukrani. Mada unaichagua kati ya mbili. Mtu anayelishika umbo hilo huwa na sakafu asiyoshuka chini yake.

Kinachoyumba ni mwenzako. Ukipangiwa mtu mwenye woga asiyejibu, sehemu ya kwanza, yenye alama 28, inaweza kukaa kimya. Fanya mazoezi ya kumvuta mwenzako kwa maswali mafupi, na ulenge 70. Zaidi ya hapo, muda wako upeleke kwenye kusikiliza.

Malengo matatu kando kwa kando

Mwenye kulenga 60 anaokoa wiki nyingi za kozi na anapata tarehe ya karibu ya mtihani. Lengo hili lina mahali pake. Moduli za B1 hufanywa na kurudiwa moja moja, kwa hiyo mtu asiyebanwa na tarehe ya mwajiri, ambaye ada ya marudio haimuumizi, anaweza kujaribu mapema akijua kwamba huenda akarudi kwa moduli moja au mbili. Sharti ni ajue hivyo tangu mwanzo. Niliowaona wakiumia ni wale waliokopa ada ya mtihani mara moja, wakiamini 60 ya nyumbani ni 60 ya ukumbini. Jambo lingine la kuulizia kabla ya kufuata njia hii ni kama shule au mwajiri wako wa Ujerumani anakubali moduli zilizopatikana kwa tarehe tofauti. Wengine wanakubali, wengine wanataka zote ziwe za tarehe moja, na ni afadhali jibu hilo ulipate kwa maandishi.

Mwenye kulenga 70 kila mahali anafanya jambo la busara kwa gharama ndogo. Maswali matatu ya ziada kwenye kusoma, matatu kwenye kusikiliza, ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwenye jedwali. Udhaifu wake ni ule niliousema: woga ukila maswali mawili, anarudi pabaya kwenye kusikiliza. Kwa kusoma na kuzungumza ningelikubali bila neno.

Mwenye kulenga 80 ana usalama karibu wote, na cheti chake kitaandikwa daraja la vizuri badala ya la wastani. Lakini wakala na waajiri niliowashughulikia huuliza umepita au hukupita. Sababu nzuri ya kulenga 80 ni B2 inayofuata. Muuguzi atakayeanza B2 wiki mbili baada ya B1 na msamiati wa mtu wa 60 atateseka darasani, na hapo kazi ya ziada haijapotea. Kama huendi B2 mara moja, 80 inaweza kukuchelewesha mwezi mzima kwa sababu ya maswali ambayo huyahitaji.

Chaguo langu, kama nilivyoonyesha, ni mchanganyiko: 23 kwenye kusikiliza bila kulegeza, 21 hadi 23 kwenye kusoma kulingana na unavyomaliza muda, B tupu kwenye kuandika, 70 kwenye kuzungumza.

Jinsi ya kujua uko wapi

Zoezi moja halikuambii kitu. Fanya matano, kwenye siku tano tofauti, angalau mawili yawe asubuhi kama mtihani wenyewe. Tumia spika. Usisimamishe rekodi. Usihesabu zoezi ulilowahi kulifanya. Mitihani ya mfano inayopatikana bure ni michache, na mtu anayeirudia mara ya tatu hupata 27 kwa sababu anakumbuka kwamba mama yule alisahau mkoba kwenye treni.

Kisha andika alama zote tano, utazame mbili tu: wastani na ya chini kabisa. Wastani ukiwa 23 na ya chini ikiwa 19 au zaidi, jisajili. Wastani ukiwa mzuri lakini ya chini iko chini ya 18, usijitetee kwamba siku ile ulikuwa umechoka. Siku ya mtihani nayo unaweza kuwa umechoka.

Yule dada wa Kakamega alifanya hivyo. Kwenye kusoma alipata 24, 22, 25, 21 na 23. Wastani 23, ya chini 21. Kwenye kusikiliza alipata 22, 17, 20, 23 na 18. Wastani 20, yaani alama 67, ambazo ukizitazama juu juu ni nzuri. Lakini mara moja kati ya tano alikuwa ameanguka, na mara nyingine alikuwa amegusa pasi kwa swali moja. Tulipotenganisha sehemu ya pili na ya tatu, tukaona kwamba kwenye zoezi la 23 alikuwa amepata 10 kati ya 12, na kwenye lile la 17 alipata 4. Sehemu ya kwanza na ya nne zilikuwa 13 mara zote mbili. Kuyumba kwake kote kulikaa mahali pamoja.

"Kwa hiyo nisubiri, mwalimu?"

Nilimwambia asisubiri kwa zote. Mwajiri wake alikuwa amekwisha kumjibu kwamba moduli za tarehe mbili zinakubalika. Akajisajili kusoma, kuandika na kuzungumza, akaiacha kusikiliza kwa tarehe iliyofuata. Wiki sita alisikiliza mazungumzo mara moja tu kila asubuhi, akiandika nani kasema nini kabla ya kutazama maswali, na hakugusa sehemu ya kwanza hata siku moja. Mazoezi yake matano mapya yalikuwa 22, 24, 21, 23 na 25.

Siku ya mtihani wa kusikiliza alinipigia simu akiwa bado getini. Alisema sehemu ya pili ilihusu kiwanda cha jibini, hakuelewa nusu yake, na ana hakika amekosa maswali matatu pale. Matokeo yalipotoka alikuwa na 70, majibu 21 kati ya 30.